Video za OBS: kuzitoa kwenye MKV na kuziingiza kwenye MP4 bila kuharibu picha

Mwl_wa_Rau

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa uhasibu kwenye kituo cha tuisheni hapa Moshi. Likizo iliyopita nilijifungia chumbani Rau nikarekodi masomo 41, mimi naongea huku Excel ikiwa wazi kwenye skrini. Nilitumia OBS na yenyewe ikanitemea faili za MKV. Kwenye laptopu yangu zinacheza safi kabisa.

Shida imeanza kituoni. Nikichomeka flashi kwenye tivii, folda inaonekana lakini ukiifungua ni tupu, kama vile sijaweka kitu. Simu za wanafunzi ni hivyo hivyo, nyingine zinafungua, nyingine zinasema faili haijulikani.

Kuna kijana wa stationari karibu na stendi alinigeuzia somo moja likawa MP4. Somo la dakika 48 lilimchukua karibu saa mbili, na liliporudi tarakimu kwenye seli zimevimba ukungu, 3 na 8 huwezi kuzitofautisha. Sasa kwenye uhasibu 3 ikifanana na 8 ndiyo umeua somo zima. Nasikia ipo njia ya kubadilisha bila kugusa picha. Mwenye kuijua anishike mkono, na anieleze polepole.

Babu_Pasua

Mwalimu unajisumbua bure. Bonyeza faili mara moja, F2, futa mkv andika mp4. Mimi nimefanya hivyo miaka na VLC inacheza.

Fundi_Sakina

Babu shikamoo, ila hapo umemwonyesha njia ya panya. VLC inacheza kwa sababu haiangalii jina, inafungua faili na kusoma baiti za mwanzo, inajionea yenyewe kwamba hii ni MKV. Tivii ya mwalimu inaangalia jina kwanza. Ukiandika mp4 itaionyesha kwenye orodha, utafurahi, halafu ukibonyeza itakwambia haiwezi kucheza. Jina limebadilika, mzigo uko kwenye lori lile lile.

Mwalimu, alichofanya kijana wa stationari ni kufungua kila fremu na kuibana upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana ilichukua saa mbili, na ndiyo maana tarakimu zimelika. Unachotaka wewe ni kushusha mzigo kwenye lori moja na kuupakia kwenye lori jingine bila kufungua maboksi. Mashine haichori picha yoyote, inanakili tu baiti na kuandika orodha mpya ya mzigo. Somo lako la dakika 48 litakula dakika moja au mbili, kutegemea diski yako.

Bahati ni kwamba OBS yenyewe inaweza. Nenda kwenye menyu ya File, chagua Remux Recordings, buruta faili zako zote uzidondoshe kwenye lile dirisha, bonyeza kitufe cha Remux. MP4 zitatokea kwenye folda ile ile, MKV zinabaki palepale. Hakikisha una nafasi ya kutosha kwenye diski maana utakuwa na nakala mbili za kila kitu.

Kichuguu

Au HandBrake. Ya bure na ina vitufe vizuri.

Fundi_Sakina

HandBrake ni programu nzuri kwa kazi yake, lakini haina namna ya kupitisha video bila kuibana upya. Hata ukivuta ile mizani ya ubora mpaka mwisho, bado inachora upya. Na kabla mtu hajaitaja, MKVToolNix nayo siyo, ile inatoa MKV tu.

Mama_Kevi

Samahani jamani, naingilia. Mimi nina video ya kipaimara ya GB 3, nataka iwe ndogo niitume WhatsApp kwa shangazi yake aliyeko Tanga. Hii njia ya lori itaipunguza?

Fundi_Sakina

Hapana mama, mzigo ni ule ule na uzito ni ule ule. Hapo ndipo unapohitaji kubana upya. Ukituma WhatsApp kama video itakubania yenyewe na hutapenda itakavyotoka. Ukituma kama dokumenti haiguswi, ila kikomo ni GB 2, kwa hiyo ya kwako itabidi uikate vipande viwili.

Mwl_wa_Rau

Fundi nimefanya kwa OBS. Kwanza nikiri imenishangaza, somo la saba lilikuwa na GB 2.2 na limeisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Tivii imeliona, imelicheza, tarakimu zimesimama kama zimechapwa.

Lakini sauti yangu haipo! Nimejiona nabonyeza seli, nachora mstari, mshale unatembea, kimya kabisa. Kuna mlio mmoja tu wa Windows katikati pale nilipokosea kitu. Wanafunzi walicheka. Nimefungua MKV kwenye laptopu, sauti ipo. Kwa hiyo haya mambo ya kutopoteza chochote siyo kweli, sauti imepotea.

Babu_Pasua

Nilisema.

chalii_wa_Kijenge

Oyaa mwalimu, hapo rimaksi imekata sauti, imenitokea sana. Dawa yake ni kurekodi moja kwa moja MP4 kwenye OBS, achana na MKV kabisa.

Fundi_Sakina

Tusihukumu kabla ya kusikiliza. Mwalimu, fungua hiyo MP4 kwenye VLC kwenye laptopu, nenda menyu ya Audio, kisha Audio Track, uniambie unaona nini.

Mwl_wa_Rau

Naona Track 1 na Track 2. Ikiwa kwenye 1 ni kimya. Nikiweka 2, najisikia mwenyewe naongea!

Fundi_Sakina

Basi hakuna kilichopotea. Mara moja umewahi kumsikiliza mtu aliyekwambia utenganishe sauti ya maiki na sauti ya kompyuta kwenye OBS, siyo?

Mwl_wa_Rau

Ndiyo. Baada ya somo la nne mdogo wangu alinishauri, akasema itanisaidia kusafisha sauti ya maiki baadaye. Akaweka kompyuta treki ya kwanza, maiki treki ya pili.

Fundi_Sakina

Ushauri mzuri kwa anayekwenda kuhariri. Kwa anayekwenda kucheza kwenye tivii ni mtego. MP4 inabeba treki mbili bila tatizo, lakini tivii nyingi na simu nyingi zinacheza ya kwanza tu na hazikupi hata mahali pa kuchagua. OBS imekuhamishia zote mbili kwa uaminifu na kwa mpangilio ule ule. Kompyuta yako huwa kimya unapofundisha, ndiyo maana ulisikia ule mlio mmoja.

Sasa hapa lazima uchague treki, na dirisha la OBS halichagui. Itabidi uwe na ffmpeg, programu ya bure unayoiendesha kwa kuandika amri. Kwenye Windows ya sasa fungua cmd uandike:

```
winget install Gyan.FFmpeg
```

Ikimaliza funga hilo dirisha jeusi ufungue jipya, la sivyo itakwambia haijui ffmpeg ni nini. Kisha ingia kwenye folda ya masomo, kagua faili moja kwanza kabla hujafanya chochote:

```
ffmpeg -i somo07.mkv
```

Mwishoni italalamika kwamba hujaipa faili ya kutolea. Usijali, ulitaka kusoma tu. Nibandikie mistari inayoanza na Stream.

Mwl_wa_Rau

Hii hapa, nimefupisha ile mirefu:

```
Stream #0:0: Video: h264 (High), yuv420p, 1920x1080, 30 fps
Stream #0:1: Audio: aac (LC), 48000 Hz, stereo
Stream #0:2: Audio: aac (LC), 48000 Hz, stereo
```

Fundi_Sakina

Safi sana. h264 yenye yuv420p na aac ndiyo mchanganyiko ambao karibu kila kifaa kinaujua. Huo ndio mzigo, na mzigo wako hauna kasoro. Tivii ilikuwa inagomea lori tu.

Sasa tunataka picha pamoja na treki ya maiki peke yake:

```
ffmpeg -i somo07.mkv -map 0:v -map 0:a:1 -c copy -movflags +faststart somo07.mp4
```

Nikusomee. `-c copy` ndiyo roho ya amri nzima, inasema nakili, usibane. Ukiisahau, ffmpeg itabana upya bila kukuuliza na utarudi kwa kijana wa stationari. `-map 0:a:1` inasema chukua treki ya sauti ya pili, maana ffmpeg inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo ya kwanza ni `a:0` na ya pili ni `a:1`. Hapo watu wengi hukwaa. Na usiziondoe hizo map ukidhani ni mapambo, kwa sababu bila kuambiwa ffmpeg inachukua video moja na sauti moja tu, na itakayochagua inaweza isiwe ya kwako. OBS haikufanya hivyo. Chalii, nadhani wewe ndiko ulikokatwa sauti.

Ile `+faststart` inahamisha orodha ya mzigo kutoka mkiani mwa faili kuileta mwanzoni, ili siku ukiweka video mtandaoni ianze kucheza kabla haijashuka yote. Kwa flashi haina faida kubwa, lakini haidhuru.

chalii_wa_Kijenge

Aisee. Nilikuwa naandika `-i` na `-c copy` basi. Mwaka mzima nailaumu MKV.

Mwl_wa_Rau

Nimeona `speed=44x` pale chini, halafu ikaandika habari za second pass, ikaisha. Nimeipeleka tivii ya jirani kwanza nisichekwe tena. Inaongea!

Lakini fundi, mimi ni mtu wa hesabu, siwezi kuandika kwenye daftari kwamba hakuna kilichopotea kwa sababu nimeambiwa. MKV ilikuwa na GB 2.27, MP4 ina GB 2.21. Hizo MB 60 zimekwenda wapi?

Fundi_Sakina

Swali la mkaguzi, na nimelipenda. Umeacha treki moja ya sauti nyuma. Kama OBS yako iko kwenye 160 kwa treki, dakika 48 ni sekunde 2,880, mara kilobiti 160, gawa kwa 8, unapata karibu MB 58. Kinachobaki ni karatasi za lori.

Lakini usiniamini kwa hesabu ya ukubwa, ukubwa unaweza kudanganya. Piga muhuri mzigo wenyewe:

```
ffmpeg -v error -i somo07.mkv -map 0:v -c copy -f streamhash -hash md5 -
```

Usisahau kile kistari cha mwisho. Utapata mstari mmoja unaoanza na `0,v,MD5=` na herufi na tarakimu 32. Rudia kwa `somo07.mp4`. Muhuri huo unapigwa juu ya video peke yake, bila kontena, yaani bila lile lori. Ingebadilika biti moja ya picha, muhuri wote ungekuwa mwingine.

Mwl_wa_Rau

Zimefanana zote 32. Nimezikagua moja moja kwa kidole. Nimejaribu na ile ya stationari, haifanani hata kidogo. Balansi imekaa.

Dada_Njiro

Asanteni kwa uzi huu, na mimi nina la kwangu. Narekodi mafunzo ya kushona kwa programu za kompyuta, laptopu yangu ina kadi ya picha ya kueleweka kwa hiyo OBS nimeiweka kwenye HEVC, faili zinakuwa ndogo. Nimehamisha kwenda MP4 kwa ffmpeg kama hapo juu. Kwenye VLC inacheza. Kwenye iPhone ya mteja inatoa sauti tu, picha hakuna. Nimebana upya kwa kukata tamaa.

Fundi_Sakina

Pole dada, hukuwa na haja. HEVC ndani ya MP4 inaweza kubandikwa lebo mbili, `hev1` au `hvc1`. ffmpeg isipoambiwa inabandika ya kwanza, na vifaa vya Apple vinaitambua ya pili tu. Picha ipo na ni nzima, simu haiifungui kwa sababu ya lebo. Rudia hivi:

```
ffmpeg -i darasa.mkv -map 0 -c copy -tag:v hvc1 darasa.mp4
```

Ile `-map 0` ni kubeba kila kitu kilichomo.

Dada_Njiro

Mungu wangu. Herufi nne. Nilikesha siku mbili kwa herufi nne.

Mwl_wa_Rau

Nimerudi na ripoti, na maswali. Nilitaka zote 41 kwa mpigo, mdogo wangu akanisaidia kuandika hii:

```
for %i in (*.mkv) do ffmpeg -n -i "%i" -map 0:v -map 0:a:1 -c copy -movflags +faststart "%~ni.mp4"
```

Imekimbia karibu saa nzima. Somo la 1 mpaka la 4 zimegoma, inasema `matches no streams`. Hizo nimeelewa mwenyewe, nilizirekodi kabla ya mambo ya treki mbili, nikaweka `0:a:0` zikapita.

Swali la kwanza ni masomo matatu, la 12, 26 na 27. Humo nilicheza mahojiano niliyomrekodi mama mmoja mwenye duka la nafaka pale soko la Mbuyuni, anaeleza anavyoandika mauzo na madeni kwenye daftari lake. Sauti yake imetoka kwenye kompyuta, yangu kwenye maiki. Nikichukua treki ya pili mama hasikiki, najisikia mimi naitikia tu "ehee, ndiyo" kama mtu anayeongea na jini. Nazihitaji zote mbili pamoja.

Swali la pili ni somo la 19. Umeme ulikatika katikati, na betri ya hii laptopu ilishakufa zamani. Faili ipo, inacheza, lakini ukitaka kuruka mbele inakataa, na urefu wake hauonekani. Imepita kwenye ile amri lakini imetoa onyo jekundu. Niitupe?

Fundi_Sakina

Nianze na la 19 kwa sababu ni habari njema. Onyo linasema `File ended prematurely`, siyo?

Mwl_wa_Rau

Ndilo.

Fundi_Sakina

Inasema ukweli, faili iliisha kabla ya wakati. MKV inaandikwa kwa mafungu, kila fungu linajitegemea, na ile faharasa ya kukuwezesha kuruka mbele huandikwa mwishoni kabisa unapobonyeza kusimamisha. Umeme ulikatika kabla ya hapo, kwa hiyo una mafungu yote isipokuwa labda la mwisho, ila huna faharasa. ffmpeg imesoma mafungu yote mazima na kuyaandikia orodha mpya. Fungua MP4 ya somo la 19 ujaribu kuruka mbele.

Mwl_wa_Rau

Inaruka! Dakika 31, na inakatika pale pale nilipokuwa nasema "sasa tuhamishie upande wa".

Fundi_Sakina

Chalii, ndiyo sababu sikukubaliana na wewe kuhusu kurekodi MP4 moja kwa moja. MP4 ya kawaida inaandika orodha ya mzigo mwishoni, na bila hiyo orodha hakuna programu inayojua fremu inaanzia wapi. Umeme ukikatika unabaki na faili ya GB mbili na ujumbe wa `moov atom not found`. Kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka, mimi narekodi MKV halafu nahamisha.

chalii_wa_Kijenge

Hiyo ni ya zamani kaka. OBS kuanzia 30.2 ina kitu kinaitwa Hybrid MP4. Inaandika kwa vipande kama MKV, ukimaliza vizuri inajigeuza MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika unapata ulichorekodi. Ninayo.

Fundi_Sakina

Hapo uko sahihi na ningeitaja. Umeshaikata umeme kwa makusudi ukaona?

chalii_wa_Kijenge

Sijathubutu, ha ha.

Fundi_Sakina

Ukithubutu tuletee majibu. Mwalimu, kuhusu mama wa Mbuyuni. Kuchanganya sauti mbili kuwa moja hakuwezekani bila kuzifungua na kuzibana upya. Lakini unafungua sauti peke yake, picha haiguswi:

```
ffmpeg -i somo12.mkv -filter_complex "[0:a:0][0:a:1]amix=inputs=2:normalize=0[s]" -map 0:v -map "[s]" -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart somo12.mp4
```

Angalia, sasa ni `-c:v copy`, siyo `-c copy`. Ukiacha `normalize=0`, amix itateremsha sauti zote mbili ili zisigongane, na utasikika kama uko chumba cha pili. Ukiiweka, sauti zinabaki na nguvu zake, lakini mkiongea kwa pamoja kwa nguvu inaweza kupasuka. Sikiliza sehemu mnayocheka pamoja, hapo ndipo itajulikana. Ikipasuka niambie tuipunguze moja.

Kichuguu

Kwa hiyo siyo tena "bila kupoteza". Kichwa cha uzi kinasema bila kuharibu.

Fundi_Sakina

Kinasema bila kuharibu picha. Kwa sauti ndiyo, kuna kizazi kimoja cha ziada cha aac. Mtu anayeongea kwa 192 hutasikia tofauti kwenye spika ya tivii. Anayetaka usafi kamili aweke treki zote mbili, ila hata kwenye VLC atazisikia moja moja, siyo pamoja.

Kichuguu

Mimi ningehifadhi MKV zote hata hivyo.

Mwl_wa_Rau

Nitazihifadhi, nimeazima diski ya shemeji. Sitafuta kitu kabla ya mitihani.

chalii_wa_Kijenge

Fundi, nami nina donda langu. Mimi nahariri video. Nikihamisha MKV ya OBS kwenda MP4, Media Info inaniandikia kwamba fremu ni Variable, wakati OBS niliiweka 60 kamili. Programu ya kuhariri inanung'unika, na mwisho wa saa moja midomo na sauti vimeachana kidogo. Hii lori lako limemwaga mzigo.

Fundi_Sakina

Nusu yake naweza kuieleza. MKV inaandika muda wa kila fremu kwa milisekunde nzima. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila moja inakaa milisekunde 16.667, na MKV haiwezi kuandika hiyo, inaandika 17, halafu 16, halafu 17. MP4 inarithi namba hizo jinsi zilivyo. Media Info ikiona hazilingani inaita Variable. Lakini makosa hayo hayajilimbikizi, kila fremu inapotoka kwa chini ya milisekunde moja, ya kwanza na ya mwisho sawasawa. Kwa hiyo haielezi kwa nini sauti yako inaachana baada ya saa nzima.

chalii_wa_Kijenge

Sasa inaachana kwa nini?

Fundi_Sakina

Icheze MKV yenyewe mpaka mwisho kwenye VLC kwanza. Ikiwa imeachana na humo, tatizo ni la wakati wa kurekodi, mashine ilidondosha fremu au maiki yako ina saa yake. Ikiwa iko sawa, basi ni programu yako ya kuhariri inavyosoma namba hizo, inajifanya fremu zote ni sawa.

chalii_wa_Kijenge

MKV iko sawa. Nadhani. Nitaangalia tena, ni saa nzima ya mtu anacheza gemu.

Dada_Njiro

Mimi yangu ya 30 haijawahi kuachana, na inaandika Variable pia.

Mwl_wa_Rau

Jamani nimetoka kituoni sasa hivi. Masomo 39 yanacheza kwenye tivii kwa sauti na picha. La 12 mama wa Mbuyuni anasikika vizuri, kuna mahali tunacheka imepasuka kidogo lakini nimeiacha, inafurahisha.

La 40 na 41 yanatoa sauti tu, skrini nyeusi. Nimekagua kama ulivyonifundisha, mstari wa video unasema hevc. Nakumbuka hayo mawili nilirekodia kwenye laptopu ya shemeji. Nimeweka hiyo `hvc1` ya dada wa Njiro, bado giza.

Fundi_Sakina

Kwa hiyo tivii yako haijui HEVC, na lori lolote utakalotumia halitaifundisha. Kwa mawili hayo kuna kubana upya kwenda h264, ukiweka ubora wa juu na kuwa na subira, au kurekodi tena.

```
ffmpeg -i somo40.mkv -map 0:v -map 0:a:1 -c:v libx264 -crf 16 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a copy -movflags +faststart somo40.mp4
```

Namba ya crf ikishuka, ubora unapanda na faili inanenepa. Kwa 16 tarakimu zako zitakuwa salama. Jaribu dakika mbili kwanza kwa kuongeza `-t 120` kabla ya jina la mwisho, utazame zile 3 na 8.

Mwl_wa_Rau

Dakika mbili zimechukua dakika tano kwenye hii laptopu. 3 ni 3 na 8 ni 8, nimesogea mpaka pua imegusa tivii. Naiwasha la 40 usiku huu, mradi umeme ubaki.